LUKU Moja, Wapangaji Sita

Ni tarehe 26 ya mwezi, saa mbili usiku, na nyumba nzima imezama gizani. Jirani wa kushoto ana taa, wa kulia ana taa, kwa hiyo umeme haukukatwa mtaani. Uniti ndizo zimekwisha. Chumba cha mbele fundi cherehani amesimama na pasi inayopoa mkononi, na mbele yake kuna suruali nne ambazo wenyewe wanazitaka kesho asubuhi. Uani, mama anayeuza barafu analifunika friza lake blanketi ili ubaridi usitoke. Mzee wa chumba cha mwisho anapapasa ukuta akielekea msalani. Kimya kinatawala kwa muda, kisha fundi anasema kwa sauti, bila kumtaja mtu: "Wengine wanafanyia biashara umeme wetu."

Nyumba hii nimeiunda kwa mfano, lakini aliyewahi kupanga Temeke, Tandale au Mbagala anaijua. Ina vyumba sita, wapangaji sita na mita moja. Kila mtu anachanga shilingi 10,000 kwa mwezi, jumla 60,000. Tukadirie kwamba uniti moja inawagharimu shilingi 350. Fedha hizo zinanunua uniti 171 hivi. Friza la mama linakula uniti mbili na nusu kwa siku, sawa na 75 kwa mwezi. Pasi ya fundi, ikiwaka saa mbili kwa siku, siku 26, inakula 52. Taa, simu, redio na feni za kila chumba tuziwekee uniti 12. Ukijumlisha yote unapata 199. Ndiyo sababu kila mwezi, ikifika tarehe 25 au 26, nyumba inaingia gizani. Watu wanadhani wana tabia mbaya, kumbe kwanza wana hesabu isiyokwenda.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, walichapisha dodoso la kumwonyesha mtu anavyoelekea kufanya anapogongana na mwenzake. Wazo lao ni jepesi. Katika kila ugomvi kuna mambo mawili ya kupima: unasimamia lako kwa kiasi gani, na unajali la mwenzako kwa kiasi gani. Usiposimamia lako wala kujali la mwenzako, unakwepa. Ukijali la mwenzako na kuliacha lako, unaridhia. Ukisimamia lako na kuliacha la mwenzako, unashindana. Ukisimama katikati, kila mmoja akaachia kidogo, mnaachiana. Na mkilibeba lako na lake yote mawili hadi mwisho, mnashirikiana.

Dodoso lenyewe lina jozi 30 za kauli, na katika kila jozi unachagua moja inayokufanana zaidi. Walilipanga hivyo kwa sababu. Ukimuuliza mtu moja kwa moja kama yeye hupenda kushirikiana, atasema ndiyo, maana ni jibu zuri la kutoa mbele za watu. Kwa hiyo walijaribu kuoanisha kauli ambazo zote mbili zinasikika vizuri kwa kiwango kinachokaribiana, ili mtu achague ya kwake badala ya ile ya kumpendezesha. Kila njia inaweza kupata alama 0 hadi 12, na zote tano zikijumlishwa ni 30 daima. Maana yake hakuna anayeweza kupata alama za juu katika zote. Ukipanda huku, lazima ushuke kule. Dodoso halisemi wewe ni mtu mwema au mbaya. Linasema mkono wako unakimbilia chombo kipi hata kabla hujaangalia kazi iliyo mbele yako.

Sisi hatuhitaji dodoso kuzitambua njia hizi. Zina maneno yake, na tunayasikia kila siku. Anayekwepa anasema "funika kombe mwanaharamu apite". Anayeridhia anasema "basi, yaishe". Anayeshindana anasema "sitoi hata senti". Wanaoachiana wanasema "nipe nikupe". Na wachache, kwa nadra, wanasema "hebu tukae, kwani wewe hasa unataka nini?"

Turudi gizani. Mwaka mzima nyumba hii imeishi kwa kukwepa. Tarehe 26 ikifika, aliyechoka kuliko wengine ananunua tokeni ya shilingi 3,000 kimya kimya, taa zinawaka, na hakuna anayeuliza. Watu wanaiita subira. Mimi naona ni deni linalokua, maana kila aliyenunua anakumbuka alinunua lini, na siku ya ugomvi ndipo hesabu yote inapomwagwa uani. Hiyo ndiyo dalili ya kukwepa kulikovuka mpaka wake: mtu anapogombana nawe juu ya jambo la leo kwa tarehe za mwaka jana.

Hata hivyo kukwepa kuna saa yake, na saa yenyewe ndiyo hii. Fundi amekwisha kusema neno baya, mama ana hofu na mtaji wake, na giza halijamsaidia mtu yeyote kufikiri. Akitoka mmoja akasema, "Jamani, usiku huu tununue tokeni ya 3,000, Jumapili baada ya chakula cha mchana tukutane uani," atakuwa amekwepa, na atakuwa amefanya jambo la busara. Tofauti yake na funika kombe ni ndogo sana, nayo ni siku iliyotajwa. Anayeahirisha anasema lini, asiyetaja siku anakimbia.

Kabla ya Jumapili kijana wa chumba cha tatu anakuja na lake. Anamjua fundi mmoja atakayewaunganishia umeme bila kupita kwenye mita. Kila mtu atoe 20,000 mara moja, basi hakuna tena kununua uniti. Wawili wanaonekana kuvutika. Hapa ndipo mahali pa kushindana. Hakuna nusu ya kuiba umeme, na huwezi kumwambia kijana kwamba tuunganishe upande mmoja tu wa nyumba ili naye aridhike. Ni kosa la jinai, na waya uliounganishwa kwa kificho unaweza kuipitia nyumba moto watu wakiwa wamelala. Mzee wa chumba cha mwisho anasema: "Mwanangu, hilo halitafanyika nikiwa ndani ya nyumba hii. Ukilileta tena nitakwenda kwa mjumbe." Hakupandisha sauti wala hakumtukana kijana. Watu wengi wanadhani kushindana ni ukali. Ukali ni jambo lingine. Kushindana ni kukataa kuondoka pale uliposimama, na unaweza kukataa ukiwa umekaa kwenye kigoda unakunywa kahawa.

Shida inakuja pale mtu anapoitumia njia hii kwa kila jambo. Fundi angeweza kushinda Jumapili. Ana sauti, ana ushawishi kwa vijana, na angeweza kuwafanya wenzake wapige kura mama aondoe friza. Kura ingekuwa tano kwa moja. Mama angeondoa friza, kipato chake kingekufa, na angeendelea kulala mlango wa pili kutoka kwa fundi, wakichota maji kwenye bomba moja na kupishana msalani. Ukimshinda mtu ambaye kesho huonani naye, umemaliza. Mwenzako wa nyumba moja ukimshinda, lazima uishi na kushindwa kwake.

Jumapili ikafika, na lililotajwa kwanza ni lile linalotajwa kwanza kila mahali: tuachiane. Mama na fundi, kwa kuwa wana biashara, watoe 15,000 kila mmoja. Wengine wanne wabaki na 10,000. Jumla inakuwa 70,000, yaani uniti 200, na mahitaji ni 199. Hesabu inakaa, kila mmoja ameachia kitu, na watu wanataka kuinuka wakapumzike.

Naomba tusiinuke, kwa sababu hapa ndipo penye kosa tunalolifanya mara nyingi zaidi. Kuachiana kunasikika kama haki kwa kuwa kila mmoja ameumia kidogo, ilhali kuumia sawa na kulipa sawasawa na unachotumia ni vitu viwili. Angalieni upya hesabu. Mama anatumia uniti 87 ukijumlisha taa zake, thamani yake ni shilingi 30,450. Fundi anatumia 64, thamani 22,400. Mzee mwenye taa moja na redio anatumia 12, thamani 4,200, naye anatoa 10,000. Mapatano haya yamemwacha mzee akiwalipia wenzake barafu na pasi, na hakuna aliyelijua hilo, kwa sababu hakuna aliyepima.

Tena yamesimama kwenye uniti moja tu ya akiba. Ukifika mwezi wa Ramadhani, barafu inatafutwa kila jioni, na fundi anapiga pasi nguo za Idi hadi usiku wa manane. Biashara zote mbili zinapanda mwezi mmoja. Uniti 200 zitakwisha mapema kuliko hata zamani, na safari hii watu watakuwa na uchungu zaidi, kwa sababu walishapatana. Mtaijua dalili ya kuachiana kusikofaa: ugomvi ule ule unarudi ukiwa na tarakimu mpya.

Kuachiana kunafaa pale kitu kinachogombaniwa kinagawanyika kweli, muda ni mfupi, na pande zote zimeshasema wanachotaka. Ndoo moja ya maji na watu wawili wenye haraka, gawaneni. Tatizo ni kuachiana kabla ya kuulizana.

Mwanamke aliyeliona hili mapema ni Mmarekani Mary Parker Follett, nusu karne kabla ya Thomas na Kilmann. Katika mhadhara wake wa mwaka 1925 alieleza jambo dogo lililomtokea katika chumba kidogo cha maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mwenzake alitaka dirisha liwe wazi, yeye alitaka lifungwe. Wangeweza kuachiana, likaachwa wazi nusu, na wote wawili wakakaa bila raha. Badala yake walifungua dirisha la chumba cha pili ambacho hakikuwa na mtu. Maana mwenzake hakuwa na haja ya dirisha lile hasa, alitaka hewa tu ndani ya chumba. Na Follett hakutaka chumba kifungwe, hakutaka tu upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja. Madai yao yalipingana, haja zao hazikupingana.

Kushirikiana ni kutoka kwenye dai hadi kuifikia haja, na njia ya kufika huko ni swali moja linaloulizwa kwa nia safi: kwa nini? Uani Jumapili ile, mzee ndiye anayeuliza. "Fundi, mwanangu, ukisema friza liondoke, ni nini hasa kinachokuuma?" Fundi anafikiri kidogo. Anasema kulipa si tatizo lake. Linalomuuma ni kulipa asichokijua, na pia kukatikiwa saa mbili usiku na kazi ya mtu ikiwa mezani, kwa sababu mteja akija asubuhi akakuta suruali imekunjamana, harudi tena. "Na wewe mama?" Mama anasema usiku mmoja wa giza unamyeyushia barafu yote ya kesho. Anaona bora alipe zaidi kuliko kulala na hofu hiyo. Mzee mwenyewe akiulizwa anasema yeye hana haja na uniti 12. Anahitaji taa ya uani iwake usiku, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri na amekwisha jikwaa mara mbili.

Sasa mambo yamegeuka. Mama na fundi, waliodhaniwa kuwa maadui, wana haja moja, nayo ni giza lisiingie. Na kilichomchochea fundi ni kutokujua, kuliko hata ile shilingi 5,000 waliyokuwa wakibishania.

Kutokujua dawa yake ni kupima. Wanakubaliana kumwita fundi umeme mwenye leseni, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, aweke mita ndogo mbili za ndani: moja kwenye waya wa friza, nyingine kwenye soketi ya pasi. Mwisho wa mwezi kila mwenye mita analipa uniti zake kwa bei iliyonunuliwa, na zilizobaki zinagawanywa sawa kwa vyumba sita, pamoja na taa ya uani. Dawa ya giza ni kanuni: uniti zikibaki 20, ambazo kwa matumizi yao ni siku tatu, mwenye zamu ananunua tokeni, na picha ya risiti yenye zile namba 20 inatumwa kwenye grupu la nyumba ili kila mtu aione.

Hapo mama anashtuka. Shilingi 30,000 kwa mwezi, kutoka 10,000? Ni haki yake kushtuka. Kushirikiana hakumpi kila mtu furaha, na anayekuahidi hivyo hajawahi kukaa kwenye kikao cha namna hii hadi mwisho. Mama amegundua kwamba bei ya barafu yake ilikuwa ikibebwa na majirani bila wao kujua. Lakini kwa kuwa sasa wanatazama friza badala ya kutazamana, kijana wa chumba cha tatu, yule yule wa kuruka mita, anafungua mlango wa friza na kuuliza kwa nini kuna maji sakafuni. Mpira wa mlango umechanika. Ubaridi unatoka usiku na mchana, na mota haipumziki. Wakibadilisha mpira huo, tuseme matumizi yanashuka kutoka uniti 75 hadi 60. Ni shilingi 5,250 zinazobaki kila mwezi, na hakuna aliyenyang'anywa kitu. Hilo ndilo dirisha la chumba cha pili. Lilikuwepo muda wote, lakini mtu hawezi kuliona akiwa amegeukia mwenzake.

Bado mama anaomba apandishwe kwa hatua, mwezi wa kwanza alipe 20,000 kisha afuate mita. Wanamkubalia. Kwa hiyo ndani ya kushirikiana kumeingia kuachiana kidogo, na kuachiana huku ni kuzuri kwa sababu kumekuja baada ya kupima. Kisha mama anamgeukia mzee na kusema taa ya uani, fungu la mzee, atalilipa yeye, maana ni shilingi mia chache na mzee amewalipia barafu mwaka mzima. Huko ni kuridhia. Jambo ni dogo kwa mama na kubwa kwa mzee, nayo inalipa kosa la nyuma. Mtu anaporidhia kwa moyo namna hii hahesabu tena. Ukiona umesema "yaishe" na usiku unajikuta unahesabu mara ngapi umesema hivyo, hukuridhia, umemeza.

Nasisitiza hili la kuridhia kwa sababu kwetu linadaiwa zaidi kwa watu fulani. Mke anaambiwa amridhie mume, mdogo kwa mkubwa, mpangaji kwa mwenye nyumba, msichana wa kazi kwa tajiri wake, na tunaliita jambo hilo adabu. Adabu ni namna unavyosema, ilhali kuridhia ni kile unachokiachia. Unaweza kusema "shikamoo" kwa heshima zote kisha ukakataa kunyimwa mshahara wako. Na pale mkubwa anapokupiga au kukutisha, usishauriwe na mtu yeyote kwenda kukaa naye chini mshirikiane. Kushirikiana kunataka kila mmoja aweze kusema haja yake bila kuadhibiwa kwa kuisema. Pasipo usalama huo, unayempa haja yako unampa fimbo. Hapo pa kwenda ni kwa mtu wa tatu mwenye nguvu: mjumbe, ofisi ya mtaa, ustawi wa jamii, polisi.

Mimi nikitakiwa kuchagua njia, huanza na uzito wa jambo lenyewe kwangu na kwa mwenzangu. Likiwa jepesi kwangu na zito kwake, naridhia na kusahau. Likiwa jepesi kwetu sote, naliacha lipite. Likiwa zito kwetu sote, naangalia kama kesho tutakuwa pamoja na kama muda upo. Vikiwepo vyote viwili, tunakaa. Muda usipokuwepo, tunaachiana kwa leo na kutaja siku ya kulirudia. Kushindana nakuweka kwa mambo yasiyogawanyika, kama usalama wa watu, sheria na haki ya asiye na sauti, na kwa saa za hatari ambazo lazima mmoja aamue papo hapo.

Kikao cha uani kilichukua mchana mzima. Ni gharama kubwa, na haifai kuilipa kwa kila kijiko kilichopotea jikoni. Lakini nyumba hii ilikuwa imekwisha lipa jioni 12 za giza kwa mwaka, barafu iliyoyeyuka na wateja waliokasirika, pasipo kupata chochote. Kama nawe una mita moja na wenzako, au shamba moja na ndugu zako, au duka moja na rafiki yako, kabla hujasema "tugawane nusu kwa nusu", muulize kwanza anachotaka ni cha nini. Kisha mwambie chako ni cha nini.